Matusi ya watani na idadi ya nyanya kwenye fungu

*"Nimeandika hadithi fupi ya wauza nyanya wawili wa soko la Buguruni. Mama Zawadi ni Mhehe, Mama Shukuru ni Mngoni. Wanatupiana matusi ya utani kuhusu bei tangu mwanzo hadi mwisho. Wasomaji wawili wameniambia wanawake hawa wanachukiana. Wa tatu kasema wanacheka mno na hakuna kinachotokea. Nimwamini nani, na nirekebishe wapi?"*

Waamini wote watatu. Wanalalamikia kasoro moja, ila kila mmoja ameishika kwa upande wake. Nimeisoma rasimu yako mara mbili, na nilichokiona ni kwamba matusi ya wanawake hawa hayana kazi pale sokoni. Ukiyafuta yote, bei inabaki ilivyokuwa, wateja wananunua walichokuja kununua, na jioni inaingia. Tusi lisilo na kazi msomaji hulitafutia sababu mwenyewe. Mmoja atasema ni chuki, mwingine atasema ni kelele tu.

Nianze na bei, kwa sababu hapo ndipo hadithi yako ilipokosa udongo. Umewafanya wabishane kwa kilo: huyu anasema elfu mbili, yule anasema elfu moja na mia nane. Kwenye meza ya rejareja Buguruni nyanya haziuzwi hivyo. Zinauzwa kwa fungu, au kwa sado kwa mwenye mahitaji makubwa, na fungu lina bei ya mviringo inayolingana na sarafu au noti aliyoshika mteja: mia tano, elfu moja. Bei hiyo haipandi wala kushuka kirahisi, maana hakuna anayetaka kuhangaika na chenji ya mia na hamsini saa ambayo watu wamejaa. Kinachopanda na kushuka ni idadi ya nyanya. Asubuhi fungu la mia tano lina nne, jioni lina tano, na mvua ikikata barabara linaweza kuwa na tatu. Muuzaji hatamki kwamba amepunguza bei. Anaongeza nyanya juu ya fungu, na jirani yake anaona.

Tufanye hesabu ya tenga moja, kwa namba za hadithi. Tuseme Mama Shukuru amelinunua kwa 36,000, na mpaka limefika mezani, pamoja na kuli na ushuru, limemgharimu 38,500. Ndani kuna nyanya kama 400. Akichambua anapata 40 zilizobonyea njiani. Hizo ni masalo, zitakwenda kwa mama ntilie na wakaanga chipsi, sado mbili kwa 1,500 kila moja. Zimebaki 360. Akipanga nne nne anapata mafungu 90, yaani 45,000, jumla na masalo 48,000. Amebakiwa na 9,500. Akipanga tano tano anapata mafungu 72, yaani 36,000, jumla 39,000. Amebakiwa na mia tano, hata nauli ya kwenda na kurudi ina wasiwasi.

Umeiona hadithi yako ilipojificha? Ipo kwenye ile nyanya ya tano. Anayekuwa wa kwanza kuiongeza anauza haraka, lakini anamlazimisha jirani naye aongeze, na wote wawili wanarudi nyumbani mikono mitupu. Anayegoma kuongeza anahatarisha kulala na mzigo, na nyanya iliyoiva haimsubiri mtu mpaka kesho kutwa. Sasa wanawake wako wana jambo la kusemezana. Hawawezi kupatana waziwazi mbele ya wateja kwamba "tusishushe", wala hawawezi kugombana, kwa sababu huyu humshikia yule meza akienda chooni na yule humkopesha huyu beseni. Utani unawapa njia ya kusema yale wasiyoweza kuyasema kwa mdomo mkavu.

Tuje kwenye matusi yenyewe. Katika rasimu yako Mama Shukuru anasema: "Huna akili wewe, mchoyo mkubwa, sura kama gunia." Maneno hayo anaweza kuambiwa konda, mwenye nyumba, au wifi. Hayana Uhehe wala Ungoni ndani yake, ndiyo maana wasomaji wawili wamesikia chuki. Mtani hamshambulii mtu kwa kasoro zake binafsi. Anamshambulia kwa mababu, kwa kabila lake, kwa yale ambayo kila mtu anajua kwamba yatasemwa.

Na watu hawa wawili wana ghala kubwa la kuchota. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882. Vilianza enzi za Munyigumba, mtawala wa Wahehe na baba yake Mkwawa. Munyigumba alifariki 1879, vita vikaendelea, na vikaisha bila upande wowote kuumeza mwingine. Wapiganaji ambao hakuna aliyemshinda mwenzake hatimaye wakawa watani, na mpaka leo kila upande unadai ule mwingine ndio uliokimbia. Kisha kuna chakula: Mhehe ataambiwa anakula mbwa, Mngoni ataambiwa anakula panya. Ukitaka tusi lenye makali zaidi, iko Maji Maji. Wangoni waliingia vitani 1905, Wahehe wengi hawakuingia. Mama Shukuru akisema "Babu yangu alipokuwa anapigana na Mjerumani, babu yako alikuwa anamchotea maji," Mhehe yeyote atakuwa na jibu, na jibu litaanzia Lugalo, 1891, ambako Mkwawa aliwapiga Wajerumani vibaya.

Hapo naomba uangalie jambo moja. Wauza nyanya hawataji miaka. Miaka nimekuandikia wewe, ili usimpe Mama Shukuru vita visivyo vyake. Wao watasema "mababu zako" na "siku ile mlivyokimbia", basi. Na pale Mama Zawadi anaposema Mkwawa aliwafukuza Wangoni mpaka Songea, msimulizi wako amejitokeza kueleza historia ilivyokuwa. Mtoe. Mtani ana ruhusa ya kutia chumvi, na anayepaswa kumrekebisha ni mtani mwenzake, kwa chumvi nyingine.

Tuunganishe sasa mababu na nyanya ya tano. Nimeandika upya ukurasa wako wa tatu, uone ninachomaanisha. Ni jioni, Mama Zawadi bado ana mafungu ya nne nne.

Mama Shukuru alichukua nyanya moja kwenye beseni, akaiweka juu ya fungu. Akafanya hivyo fungu la pili, na la tatu.

"Tano?" Mama Zawadi akauliza. "Mngoni ameshaanza kukimbia. Na jua halijazama!"

"Nakimbia wapi? Naokoa watu. Wamechoka na nyanya zako zilizolindwa na mbwa toka Ilula."

"Mbwa nilishamla, ndiyo maana nina nguvu za kukaa na nne mpaka usiku. Wewe uliyeshindia panya mmoja lazima utetemeke mikono."

Mteja aliyekuwa ameinama mezani kwa Mama Zawadi, mtoto mgongoni, akanyooka akatazama mafungu ya jirani.

"Dada, si na wewe uongeze basi, iwe tano?"

"Mama, bonyeza zile, halafu ubonyeze hizi. Zile za Mngoni ukikosa siti kwenye daladala unafika nyumbani na supu."

"Na zake uanze kuchemsha leo ule Krismasi," Mama Shukuru akadakia. "Ngozi ya Mhehe hiyo. Utamaliza mkaa wa mtaa mzima."

Yule mama akacheka, akamweka mtoto vizuri mgongoni. Akachukua fungu la nyanya tano kwa mboga ya usiku ule, na fungu la nyanya nne la kuweka.

Mama Shukuru akapokea mia tano yake, akaangalia beseni, akaondoa nyanya ya tano kwenye mafungu mawili ya nyuma.

"Mngoni amegeuka!" Mama Zawadi akapiga kofi. "Amekumbuka ana mkuki!"

Hapa kila tusi limefanya kazi. "Umeanza kukimbia" ni onyo kwamba jirani anavunja bei, lakini limevaa nguo za vita vya mababu, kwa hiyo linajibika. "Utamaliza mkaa" linamwambia mteja ukweli kuhusu nyanya ngumu, na "unafika na supu" linamwambia ukweli kuhusu nyanya laini. Mteja amepata maelezo ya bidhaa bila mtu kuyatoa, na kwa sababu kila mmoja ametukana bidhaa ya mwenzake kwa kasoro ambayo mteja anaibonyeza mwenyewe kwa kidole, hakuna aliyeharibiwa biashara. Wote wameuza. Na mwisho bei imerudi juu, nyanya moja moja, bila mapatano yoyote kutamkwa.

Utaona pia kwamba sikueleza popote kuwa wanataniana. Jambo hili lina ugumu kwako, maana msomaji wa Iringa au Songea atajua kwa sentensi ya kwanza, lakini msomaji wa Mombasa au Nakuru akikutana na "Mhehe mla mbwa" anaweza kuifunga hadithi papo hapo, akidhani anasoma dharau za kikabila. Nashuku mmoja wa wale wasomaji wako wawili ni wa huko. Usimtibu kwa maelezo. Mpe tendo kabla ya tusi la kwanza. Asubuhi Mama Shukuru afike amechelewa, akute Mama Zawadi ameshampangia meza na ameuza mafungu mawili kwa niaba yake, hela imewekwa chini ya jiwe. Asalimie "Kamwene!" kwa Kihehe kibovu cha makusudi. Halafu ndipo atukane. Mtu aliyetunziwa hela yake kisha akaanza kumtukana aliyeitunza, msomaji wa popote atajua kuna mchezo.

Malalamiko ya msomaji wa tatu yamebaki: hakuna kinachotokea. Katika rasimu umejaribu kulitatua kwa kumfanya Mama Zawadi aropoke, "Ndiyo maana mumeo alikuacha." Ni kweli, hilo linavuka mpaka. Lakini ni mpaka ambao kila mwandishi angeufikiria, na hauhusiani na nyanya. Hadithi inaacha bei na kuingia kwenye ndoa ambayo hatujaisikia hata mara moja kabla ya hapo. Lifute.

Mpaka ulio mkali zaidi kwa wauzaji ni kumharibia mwenzako mteja kwa jambo la kweli lililofichwa. Kusema nyanya za jirani ni laini, wakati mteja anazibonyeza, ni utani. Kufichua alichokiweka chini ya fungu ni jambo jingine kabisa. Kila anayenunua sokoni anajua fungu hupangwa nzuri zikiwa juu. Muuzaji aliyebanwa na jioni anaweza kusukuma nyanya moja ya masalo chini, akaifunika. Mama Zawadi ameona. Anafika mama ntilie anayetaka mafungu kumi kwa mpigo, anasimama katikati ya meza mbili, na Mama Zawadi, akiwa bado kwenye raha ya utani, anasema:

"Mama, kabla hujatoa hela, inua ya juu uangalie mababu wa Kingoni waliozikwa chini."

Mama ntilie anainua. Masalo ipo. Anainua fungu la pili. Ipo.

Andika kwa uangalifu kinachofuata, kwa sababu ndipo hadithi inapogeuka. Usimfanye Mama Shukuru apige kelele, wala asimwage nyanya. Kwa watani, hatari inapoingia maneno yanakuwa ya adabu. Mtu aliyekuwa anakuita mla mbwa tangu saa kumi na mbili asubuhi akikuita "dada" kwa sauti ya chini, ujue umemuumiza. Kwa hiyo:

"Samahani dada," Mama Shukuru akasema. "Naomba beseni langu."

Ni beseni alilomkopesha asubuhi. Mama Zawadi analimwaga taratibu, anamrudishia, anasema "Asante." Nusu saa nzima wanauza bila kutupiana neno, na hapa upitishe wateja wawili watatu wa haraka, ili msomaji asikie biashara inavyodorora. Meza mbili zilizokuwa zinavuta watu kwa vicheko sasa ni meza za kawaida kwenye mstari wa meza za kawaida. Mtu anauliza nyanya ngapi, anajibiwa nne, anapita. Usiandike kwamba utani ulikuwa unawaletea wateja. Waonyeshe wakipita.

Tukio hili lina nguvu kuliko lile la mume kwa sababu Mama Zawadi hakusema uongo. Alisema kweli, na kwa mteja alitenda haki. Msomaji atakwama hapo, hajui amlaumu nani, na hadithi fupi ya kurasa sita haihitaji zaidi ya hapo. Ila uhakikishe mapema tumeijua ile hesabu ya mia tano na 9,500, hata kama ni kwa sentensi moja ya Mama Shukuru anapohesabu noti kwenye kibindo. Tusipoijua, masalo zile zitasomeka kama tabia mbaya tu.

Kuhusu mwisho, umewapatanisha kwa mazungumzo marefu, kila mmoja akieleza alivyojisikia. Sijawahi kusikia wauza nyanya wakielezana hisia kwa aya nzima, na watani wana utaratibu wao wa zamani unaotosha. Mtani anaweza kuchukua kitu cha mtani wake bila kuomba, na mtani aliyekosa anaweza kutozwa faini. Huonekana sana msibani, watani wanapozuia shughuli mpaka walipwe. Kwa hiyo kesho yake asubuhi Mama Shukuru afike, asisalimie, aende moja kwa moja mezani kwa Mama Zawadi, aokote nyanya tatu za juu, zile kubwa kabisa.

"Faini," aseme, akizitia kwenye beseni lake.

Na Mama Zawadi, bila kuinua macho kwenye tenga analolichambua, ajibu: "Chukua na ya nne umpelekee panya wako."

Hapo wameshamaliza. Kama unataka kumwonyesha msomaji kwamba Mama Shukuru naye amesikia, mwache apange mafungu ya siku hiyo huku akigeuza kila nyanya kabla ya kuiweka chini. Sentensi moja inatosha.

Aya yako ya mwisho, inayoanza na "Hivyo ndivyo watani wa kweli wanavyoishi", itoe yote. Pia kabla hujaniletea tena, soma mazungumzo kwa sauti ukiwa na mtu wa pili, na ufanye jaribio dogo: badilisha majina, maneno ya Mama Zawadi yasemwe na Mama Shukuru. Sentensi yoyote ambayo bado inakubalika baada ya kubadilishwa haijui nani ni Mhehe, nani ni Mngoni, wala nani ana nyanya laini. Katika rasimu hii nilipata sentensi za namna hiyo kwenye karibu kila ukurasa. Zipunguze, na hadithi itafupika kwa robo hivi.